Kila Baada ya Dakika Tano: Ratiba Inayotafuna Bili ya Wingu

Ndani ya karibu kila programu ya biashara inayotumia intaneti kuna namba moja ndogo ambayo mwenye biashara hajawahi kuiona. Namba hiyo huiambia programu irudi kwenye seva kila baada ya muda gani kuchukua taarifa mpya. Mara nyingi ni 5, yaani kila baada ya dakika tano. Fundi wa programu aliiweka mwanzoni kabisa mwa kazi, alipotaka kuona mabadiliko yakitokea upesi kwenye skrini yake wakati wa majaribio. Majaribio yakaisha, programu ikaenda kwa mteja, na ile 5 ikabaki palepale. Tangu hapo inafanya kazi mchana na usiku, Jumapili na sikukuu, hata duka likiwa limefungwa kwa kufuli.

Kule kurudi kwenye seva ndiko kunakoitwa kusawazisha data. Mafundi wenyewe husema "kusinki". Dakika tano zinasikika kama muda mrefu, lakini siku ina dakika 1,440, kwa hiyo ni mara 288 kwa siku na mara 8,640 kwa mwezi wa siku 30. Kila mara kuna kitu kinachohesabiwa na kuingizwa kwenye bili. Swali la kwanza kwa yeyote anayetaka kupunguza bili ni hili: kinahesabiwa nini hasa? Bila kulijibu, mtu anaweza kubadilisha ratiba mara kumi na bili isisogee hata senti.

Tuchukue mfano tuupigie hesabu mwanzo hadi mwisho. Kuna biashara ya spea za magari Dar es Salaam yenye matawi matatu: Kariakoo, Mbagala na Tegeta. Orodha ya mali ina spea 2,000, na inakaa kwenye Firestore, hifadhidata ya Google iliyo kwenye wingu. Kila tawi lina kompyuta moja ya kaunta, na kila baada ya dakika tano kompyuta hiyo inasoma orodha nzima ili muuzaji ajue nini kipo na nini kimekwisha.

Firestore haitozi kwa kila safari ya kwenda kwenye seva. Inatoza kwa kila rekodi iliyosomwa. Spea moja ni rekodi moja, kwa hiyo kusoma orodha nzima mara moja ni usomaji 2,000. Matawi matatu yakisoma kwa pamoja ni 6,000. Zidisha kwa mara 288 na unapata usomaji 1,728,000 kwa siku, katika biashara ambayo pengine inauza vitu mia chache tu kwa siku hiyo.

Bei iliyotangazwa na Google kwa eneo pana la Marekani, ambalo kwenye mipangilio linaandikwa `nam5`, ni dola 0.06 kwa kila usomaji 100,000. Maeneo mengine yana bei zake, hivyo kila mtu atazame eneo alilochagua alipofungua mradi. Kila siku kuna usomaji 50,000 wa bure. Ukitoa huo wa bure, biashara yetu inalipia usomaji 1,678,000 kwa siku, au milioni 50.34 kwa mwezi. Hiyo ni dola 30 na senti 20.

Kuna watakaosema dola 30 si fedha ya kumkosesha mtu usingizi, na kwa duka moja ni kweli. Lakini programu za namna hii huwa hazitengenezwi kwa ajili ya duka moja. Fundi huitengeneza mara moja akaiuza kwa maduka mengi, na yote yakakaa kwenye mradi mmoja wa wingu unaolipwa kwa kadi yake. Akiwa na wateja 40 wa ukubwa huo, usomaji unafika milioni 69 kwa siku, ile kwota ya bure inagawanywa kwa wote, na bili inakuwa takriban dola 1,243 kwa mwezi. Hapo ndipo ile 5 inakula faida yote ya ada anayowatoza wateja.

Upande wa duka nako kuna gharama isiyoonekana kwenye bili ya Google. Rekodi moja ikiwa na ukubwa wa kilobaiti moja, kusoma orodha nzima ni megabaiti 2. Mara 288 kwa siku ni megabaiti 576, na kwa mwezi ni zaidi ya gigabaiti 17 kwa kila tawi. Mwenye duka anayenunua bando kwa ajili ya ruta ya kaunta hulalamika kwamba intaneti inaisha haraka, na lawama humwangukia kijana wa kaunta kuwa anatazama video.

Kwa hiyo kanuni ya kukadiria ni fupi: mara ngapi kwa siku, zidisha kwa vipimo vinavyotozwa kila mara, toa vya bure, zidisha kwa bei. Namba ya kwanza iko kwenye ratiba, ya mwisho iko kwenye ukurasa wa bei. Ile ya katikati ndiyo inayokosewa, kwa sababu watu huhesabu safari wakati mtoza huduma anahesabu rekodi. Usiikisie. Fungua dashibodi ya matumizi ya Firebase, angalia usomaji wa siku moja iliyopita, ugawanye kwa idadi ya mara ambazo ratiba iliita siku hiyo. Ukipata namba iliyo mbali na ile uliyotarajia, kuna sehemu nyingine ya programu inayosoma bila wewe kujua, na ni afadhali kuijua kabla ya kugusa ratiba.

Unapolinganisha siku na siku, kumbuka kwamba kwota ya bure ya Firestore huanza upya karibu na usiku wa manane kwa saa za pwani ya magharibi ya Marekani. Kwetu Afrika Mashariki hiyo ni saa nne au saa tano asubuhi, kutegemea msimu wao. "Siku" ya Google huanza sisi tukiwa tumeshafungua duka na kunywa chai.

Sasa turudi kwenye ratiba. Kabla ya kuchagua namba mpya inafaa kwenda kaunta na kuuliza kazi inavyokwenda. Muuzaji wa Mbagala anaitazama lini idadi ya spea iliyo Kariakoo? Anaitazama mteja anapouliza kitu ambacho tawi lake halina. Akiona kipo, anapiga simu kwanza Kariakoo kuhakikisha, kisha anamwagiza mteja au anatuma bodaboda. Kwa hiyo kati ya namba iliyo kwenye skrini na uamuzi kuna simu. Namba ikiwa imechelewa kwa robo saa, simu hiyo inaisahihisha. Bei nayo mwenye mali huibadilisha asubuhi kabla ya kufungua, na picha za spea hazibadiliki mwezi mzima. Hapo tayari tuna data za aina tatu zenye mwendo tofauti, ambazo programu ilikuwa inazisoma zote kwa kasi moja.

Ukisawazisha kila baada ya dakika 15, taarifa iliyo kwenye skrini ina umri wa dakika 15 ikizidi sana, pamoja na ule muda mfupi wa kusoma. Kwa wastani ina umri wa dakika saba na nusu hivi. Ukiongeza kwamba duka hufunguliwa saa mbili asubuhi na kufungwa saa mbili usiku, hakuna sababu ya kusoma chochote usiku. Ratiba inakuwa mara nne kwa saa kwa saa 12, yaani mara 48 badala ya 288. Usomaji unashuka hadi 288,000 kwa siku kwa biashara moja. Kwa yule fundi mwenye wateja 40, bili inatoka dola 1,243 hadi takriban dola 206. Hakubadilisha chochote zaidi ya mstari mmoja wa ratiba.

Mstari wenyewe, kwa lugha ya kron ambayo karibu kila mfumo unaielewa, ni huu:

```
*/15 8-19 * * *
```

Ile 8 ni saa mbili asubuhi, kwa sababu kron huhesabu kuanzia usiku wa manane. Aliyezoea kusoma saa kwa Kiswahili akiandika 2 ataiamsha kompyuta alfajiri ya saa nane usiku. Na 19 ni saa moja usiku, kwa kuwa mara ya mwisho itakuwa saa moja na dakika 45; ukiandika 20, inaendelea hadi saa tatu kasoro robo. Kubwa zaidi ni ukanda wa saa. Seva nyingi huenda kwa saa za UTC, ambazo ziko saa tatu nyuma ya Dar es Salaam na Nairobi. Usipotaja `Africa/Dar_es_Salaam`, usawazishaji utaanza saa tano asubuhi na kuendelea hadi karibu saa tano usiku, na wauzaji watakuambia kila siku asubuhi mfumo "haufanyi kazi".

Huduma inayopiga kengele yenyewe, kama Cloud Scheduler ya Google, hutoza senti 10 za dola kwa mwezi kwa kila ratiba, iwe inalia mara moja au mara elfu 40, na ratiba tatu za kwanza ni bure. Fedha inakwenda kwa kile kinachoamshwa na kengele.

Hapa wengi huishia, wakiwa wameridhika kushusha bili mara sita. Mimi naona ndipo kazi inapoanza kuwa tamu, kwa sababu ile namba ya katikati bado haijaguswa. Kompyuta ya Tegeta inaposoma rekodi 2,000 saa sita mchana, huenda ni nne tu zilizobadilika tangu saa sita kasoro robo. Rekodi 1,996 zimelipiwa kwa ajili ya kuthibitisha kwamba ziko vilevile. Dawa yake ni kuipa kila rekodi muda wa mabadiliko yake ya mwisho, kisha kuuliza zile tu zilizobadilika baada ya mara ya mwisho uliyouliza:

```js
query(
  collection(db, "spea"),
  where("updatedAt", ">", maraYaMwisho),
  orderBy("updatedAt")
)
```

Tufanye biashara yetu ina mabadiliko 400 kwa siku. Kila badiliko linasomwa na matawi matatu, jumla 1,200. Firestore hutoza usomaji mmoja hata swali lisiporudisha kitu. Maswali 48 ya matawi matatu hayawezi kuzidisha 144. Tuongeze kusoma orodha nzima mara moja kila usiku, kwa sababu nitakayoieleza, nayo ni 6,000. Jumla ni usomaji 7,344. Tuiite 8,000 ili tuwe na nafasi ya kupumua. Biashara moja peke yake ingekaa ndani ya kwota ya bure bila kulipa kitu. Wateja 40 kwa pamoja ni usomaji 320,000 kwa siku, na bili yao ya usomaji ni chini ya dola 5 kwa mwezi.

Sasa rudisha ile 5, mchana na usiku. Maswali matupu yataongezeka hadi kama 864 kwa siku, na bili itasogea kwa senti chache. Ukitaka kila dakika moja, matupu yatafika 4,320. Ratiba ilikuwa ghali kwa sababu kila mara ilibeba orodha nzima. Mzigo ukishapungua, mwenye duka anaweza kupata taarifa mpya zaidi kwa fedha ndogo zaidi, na ule mvutano kati ya fundi anayetaka robo saa na muuzaji anayetaka "sasa hivi" unaisha wenyewe. Ndiyo maana sipendi ushauri wa kupunguza kasi peke yake. Unapunguza bili kwa kumnyima mtu taarifa, wakati mwingine bila haja.

Njia hii ina mitego yake, na mtego mkubwa ni vitu vilivyofutwa. Rekodi ikifutwa haipo tena, kwa hiyo haina muda wa mabadiliko wa kuulizwa. Kompyuta ya Mbagala itaendelea kuonyesha pampu ya maji iliyoondolewa kwenye orodha wiki iliyopita, na muuzaji atamwahidi mteja kitu kisichokuwepo. Unaitambua hali hii kwa kuhesabu: idadi ya spea kwenye kompyuta ya tawi inaizidi ile ya kwenye wingu, na tofauti inakua polepole. Suluhisho ni kutofuta kabisa, ila kuweka alama kwamba kitu kimefutwa, ili alama hiyo nayo isafiri kama badiliko lingine lolote. Kule kusoma orodha nzima usiku ni kwa ajili ya kukamata kilichoponyoka.

Mtego wa pili ni rekodi za zamani zisizo na `updatedAt`. Firestore haizirudishi kwenye swali kama lile la juu, hata zikibadilishwa namna gani, mpaka kitu kiandikwe kwenye sehemu hiyo. Siku ya kuhamia kwenye njia mpya ni lazima uzipitie zote mara moja na kuzijazia. Wa tatu ni saa ya kompyuta ya kaunta. Kompyuta iliyokufa betri ya ndani hurudi miaka nyuma kila umeme unapokatika. Ikiandika muda wake yenyewe, mabadiliko yake yataonekana ya kale na hayatasomwa na tawi lolote. Muda uandikwe na seva, kwa `serverTimestamp()`, na kila unapouliza rudi nyuma dakika moja au mbili zaidi ya mara ya mwisho. Rekodi chache zitasomwa mara mbili, nazo hazina madhara.

Kuna kipuri kimoja ambacho hata dakika moja ni kuchelewa: kile kilichobaki kimoja. Matawi mawili yakikiuza kwa wakati mmoja, mteja mmoja atarudishiwa fedha akiwa na hasira. Kwa hicho usiongeze kasi ya ratiba nzima. Iache programu isome rekodi hiyo moja wakati muuzaji anabonyeza kitufe cha kuuza. Ni usomaji mmoja, unaofanyika pale tu mtu anapouhitaji.

Hesabu tuliyofanya inakwenda kwa mstari ulionyooka: ukipunguza mara kwa nusu, bili inapungua kwa nusu. Si kila huduma iko hivyo, na hapa ndipo hata watu wenye uzoefu huteleza. Snowflake, ghala la data linalotumiwa na kampuni kubwa kutengeneza ripoti, hutoza kwa muda ambao mashine iko macho. Kila inapoamshwa hutozwa sekunde 60 kwa uchache, kisha kila sekunde inayofuata. Kazi ikiisha mashine hailali papo hapo. Inasubiri kwanza muda uliowekewa, na muda huo wa kusubiri unalipiwa pia. Ni kama jenereta iliyoachwa ikinguruma baada ya taa kuzimwa.

Mashine ndogo kabisa hula krediti moja kwa saa. Tuichukulie krediti kuwa dola 2, bei ya toleo la kawaida katika maeneo mengi ya Marekani. Usawazishaji wake unachukua sekunde 40, na mashine imeambiwa ilale baada ya dakika tano za ukimya. Ratiba ilikuwa kila dakika moja. Meneja akaona bili, akaagiza iwe kila baada ya dakika tano. Kati ya kazi moja na nyingine sasa kuna sekunde 260 za ukimya, nazo hazifiki zile 300 za kuilaza mashine. Haikulala hata mara moja. Kabla ya badiliko ilikuwa saa 24 kwa siku, dola 48, na baada ya badiliko ni saa 24 kwa siku, dola 48. Kazi imepunguzwa mara tano na bili ya mwezi iko palepale kwenye dola 1,440.

Angeiacha ratiba kwenye dakika tano na kubadilisha ule muda wa kusubiri uwe sekunde 60, kila mara ingekula sekunde 100, mara 288 kwa siku, ambazo ni saa nane kamili. Bili ingeshuka hadi dola 480 kwa mwezi. Akisogeza ratiba iwe mara moja kwa saa, mzigo utakuwa umerundikana na kazi itachukua muda zaidi, tuseme dakika mbili. Pamoja na dakika moja ya kusubiri ni dakika tatu kwa kila saa, yaani saa 1.2 kwa siku, na dola 72 kwa mwezi. Kwa ripoti inayosomwa kwenye kikao cha Jumatatu asubuhi, saa moja ni karibu mno bado.

Upande wa API za kununua, kinachotawala mara nyingi ni kwota na mwendo wa yule anayetoa data. Chukua viwango vya kubadilisha fedha. Mpango wa bure wa Open Exchange Rates umekuwa ukiruhusu maombi 1,000 kwa mwezi, na data yake hubadilika mara moja kwa saa. Ukiuliza kila baada ya dakika tano utamaliza kwota kabla siku ya nne haijaisha, na kati ya majibu 12 ya kila saa, 11 yatakuwa yaleyale. Ukiuliza mara moja kwa saa unatumia 720 na unabakiwa na akiba, bila kukosa badiliko hata moja. Pale mwenye data akitangaza anabadilisha kila baada ya muda gani, hiyo ndiyo kasi ya juu kabisa yenye maana. Kuizidi ni kulipia nakala.

Pengine huna haja ya kuuliza kabisa. Anayepokea malipo ya M-Pesa kupitia Daraja ya Safaricom anatoa anwani yake kwenye `CallBackURL`, na jibu linamfuata lenyewe malipo yakikamilika au yakishindikana. Bado kuna mifumo inayouliza kila baada ya sekunde chache, "Amelipa? Amelipa?", kwa kila mteja. Kupashwa habari ni bora kuliko kuuliza, ila seva yako ikiwa chini kwa kukatika umeme jibu litapita bila mtu wa kulipokea. Kwa hiyo weka ulizo moja la kukagua malipo ambayo hayajapata jibu, mara moja kwa saa. Ratiba inabaki, lakini kazi yake sasa ni kuokota yaliyodondoka.

Ukishabadilisha, usitazame bili kesho yake ukashangilia. Linganisha Jumanne na Jumanne, kwa sababu Jumapili matumizi hushuka hata bila wewe kufanya kitu. Tazama pia muda ambao kila usawazishaji unachukua. Ukiona kazi ya dakika 15 inamaliza dakika 16, ya pili inaanza kabla ya kwanza kuisha, zinasoma vitu vilevile, na bili inapanda badala ya kushuka. Programu iwekewe kufuli ya kukataa kuanza wakati mwenzake bado anakimbia. Majibu ya `429` kwenye kumbukumbu za seva yanaonyesha kwamba maombi yamezidi kwa wakati mmoja. Mara nyingi ni kwa sababu wateja wote 40 wanaamka saa kamili, sekunde ileile. Mpe kila mmoja dakika yake ya kuanzia.

Bajeti unayoweka kwenye Google Cloud hukutumia barua pepe ukifika kiwango ulichotaja. Haizimi kitu. Fundi aliyelala Ijumaa akidhani dola 50 ndio mwisho anaweza kuamka Jumatatu akiwa amevuka mara tatu, kwa hiyo onyo liwekwe mapema, kwenye nusu ya kiasi, na liende kwenye simu ya mtu anayeweza kuzima ratiba.

Na kwenye skrini ya kaunta, pembeni ya orodha, iandikwe saa ya usawazishaji wa mwisho: "Imesasishwa saa 6:15 mchana". Ikipita nusu saa, maandishi yageuke mekundu. Muuzaji wa Mbagala akiona nyekundu atajua asitegemee idadi ile, atapiga simu Kariakoo kabla ya kumtoza mteja, na fundi atapigiwa simu siku hiyohiyo ratiba ilipokwama.